Pesa Yako Si ya Bure, Hata Kama Hakuna Anayekudai

Nianze na kosa langu mwenyewe, ndio msiseme nawahubiria.

Tangu niache kampasi nimekuwa nikiweka kando pesa kidogo kidogo za kuedit video za watu. Imefika 240,000. Mathe anajua iko, na kila mwezi ananiuliza kama siwezi kuitumia kurudi shule. Mimi nilikuwa na mpango mwingine: studio ndogo ya podikasti ya kukodisha kwa saa. Kamera mbili, maiki nne, taa, sofa na ukuta wa kuzuia mwangwi. Jumla 400,000. Akiba yangu inatoa 240,000, benki inanikopesha 160,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa salio linalopungua.

Nikapiga hesabu. Baada ya kulipa kodi ya chumba, stima, bando na mshahara wangu mdogo, studio ingebakisha 160,000 kila mwaka kwa miaka mitatu. Mwaka wa tatu vifaa vimechoka, na hela ya kuviuza nimeshaihesabu humo ndani. Naweka 400,000, natoa 480,000. Nani hataki?

Kwa sababu shilingi ya mwaka wa tatu haina uzito wa shilingi ya leo, nikatafuta NPV, yaani thamani halisi ya sasa. Unachukua mapato ya kila mwaka, unayapunguza kwa kiwango fulani hadi yawe pesa ya leo, halafu unatoa gharama ya kuanzisha. Jibu likiwa juu ya sifuri, endelea. Likiwa chini, tulia.

Kazi yote iko kwenye hicho kiwango. Mimi nilisema hivi: mkopo ni asilimia 40 ya mradi na unanigharimu 15, hiyo ni 6. Akiba ni asilimia 60 na hainigharimu chochote, hiyo ni 0. Jumla asilimia 6. NPV ikatoka 27,682 juu ya sifuri. Nikampelekea dada yangu mkubwa, ambaye hushughulikia mikopo kwenye sako moja, nikingoja anipongeze.

Akaangalia, akaniuliza, "Na hiyo 240,000 saa hii iko wapi?"

Nikamwambia iko MMF, mfuko wa soko la fedha, inanipa kama asilimia 10 kwa mwaka baada ya kodi.

"Basi ukiitoa huko, hiyo 10 ataendelea kukulipa nani?"

Hapo ndipo nilinyamaza.

Wengi wetu tunaamini gharama ya pesa ni ile unayolipa mtu. Benki inatuma meseji ya rejesho, kwa hivyo mkopo una gharama. Akiba yako haitumi meseji, kwa hivyo ni bure. Lakini ukiitoa mahali inapozaa, kile ilichokuwa ikizaa kinakatika siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo gharama ya fursa uliyoiacha. Hakuna risiti yake, ndiyo maana hatuioni.

Sikukubali haraka. Nikasema wacha nipime kwa mfuko wangu wenyewe, bila fomula. Nikiacha 240,000 ilipo, kwa asilimia 10, baada ya miaka mitatu inakuwa 319,440, na mimi nimelala. Nikifungua studio, kutoka kwa ile 160,000 ya kila mwaka benki inachukua karibu 70,000 ya rejesho na riba. Mimi nabaki na karibu 90,000. Hata nikiirudisha yote MMF kila mwaka bila kugusa hata shilingi, mwishoni nitakuwa na kama 297,600. Yaani ningejibeba miaka mitatu, nikae na deni, nigombane na wateja wanaochelewa, halafu nimalizie nikiwa chini kwa karibu 22,000 kuliko mtu ambaye hakufanya kitu.

Sasa turudi kwenye NPV tuweke gharama ya akiba mahali pake. Asilimia 60 mara 10 ni 6. Asilimia 40 mara 15 ni 6. Kiwango ni 12. Kwenye Excel unaandika hivi:

```
=NPV(12%,160000,160000,160000)-400000
```

Jibu ni -15,707. Mradi ni ule ule na wateja ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba nimeacha kujidanganya. Na chunga, hiyo 400,000 unaitoa nje ya mabano. Ukiiingiza ndani, Excel inaichukulia kama gharama ya mwisho wa mwaka wa kwanza, na jibu linapotoka.

Dada hakuishia hapo. Alisema hata hiyo 10 ni ndogo mno. MMF haitegemei kama watu wa Nairobi watachoka na podikasti. Studio inategemea. Na mkifika kwenye kugawana, benki inalipwa kwanza, wateja wakuje wasikuje. Mimi nakula kinachobaki, na mwezi mbaya hakibaki kitu. Mtu anayelipwa wa mwisho anabeba hatari zaidi, kwa hivyo anafaa kudai zaidi ya benki. Kwa maneno mengine, pesa yangu ni ghali kuliko mkopo. Hii ndiyo iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeiandikia sifuri.

Nikaiwekea 20. Hakuna mahali hiyo namba imeandikwa, ni uamuzi wangu, mradi isiwe chini ya 15 ya benki. Kiwango kinapanda hadi 18, na NPV inashuka hadi -52,116. Lakini hata usipokubaliana na 20 yangu, ona hivi: huu mradi unazaa asilimia 9.7 kwa mwaka, basi. Ili ukae sawa, akiba yangu ingebidi ikubali kama asilimia 6, chini ya ile inayopata sasa bila jasho.

Kosa lingine nimeliona kwa marafiki wawili: wakishatumia kiwango chenye gharama ya mkopo ndani, wanatoa tena rejesho la benki kwenye mapato ya kila mwaka. Hapo umelipa riba mara mbili, na mradi mzuri utaonekana mbaya. Chagua njia moja.

Najua mtaniambia, "Buda, kuna raha ya kuwa bosi wako." Kweli ipo. Lakini ijulikane bei yake. Kama uko tayari kulipia hiyo raha 52,000 za leo, sawa, ni pesa yako. Usiite tu faida.

Mimi sikuitupa studio. Niligeuza swali. Kwa asilimia 18, mapato yale yana thamani ya 347,884 leo. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ninayofaa kulipa kuyapata. Kwa hivyo nimeanza kutafuta kamera za mitumba na sofa ya mtu anayehama, nikilenga 340,000 kwa mgao ule ule wa akiba na mkopo. Nikifika hapo bila kupunguza bei ya saa, NPV itakuwa karibu 7,900 juu ya sifuri, na akiba yangu itakuwa imelipwa mshahara wake.

Nisipofika, hela inabaki MMF. Na Mathe akiuliza tena kuhusu shule, hiyo nayo nitaipigia hesabu vivyo hivyo.