Kopo la maziwa ya mtoto kwenye picha ya simu: kifuniko, chapa na tarehe vinaweza kuthibitisha nini?

Biashara ya maziwa ya unga ya watoto wachanga imehamia kwenye simu. Mzazi aliyeko Kigali hutumiwa picha nne za kopo lililoko Dar es Salaam, huambiwa bei, kisha hutakiwa kutuma fedha kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi. Anachobaki nacho cha kumwezesha kuamua ni picha hizo tu. Je, zinatosha?

Kwamba makopo haya hughushiwa si uvumi. Mwezi Aprili mwaka 2016 ilifichuka huko Shanghai, China, kwamba kundi la watu lilikuwa limeuza zaidi ya makopo 17,000 yenye majina ya Similac na Beingmate, ilhali ndani yake mlikuwa na unga wa bei nafuu uliofungashwa upya. Mamlaka ya chakula ya nchi hiyo ilieleza kuwa unga uliopimwa haukuwa na madhara. Miaka 12 kabla ya hapo, katika mji wa Fuyang, mambo yalikuwa mabaya zaidi: maziwa bandia yenye protini kidogo mno yaliua watoto wasiopungua 12. Vichwa vyao vilionekana vikubwa kwa sababu miili ilikuwa imedhoofu, na wazazi wengine walidhani wananenepa.

Wengi wakipewa picha huanza kutazama rangi na maandishi ya ubavuni. Mwandishi wa makala haya anaona huko ni kuanzia mwisho. Njia rahisi ya kughushi ni kutafuta kopo halisi lililokwisha kutumika na kulijaza upya, na kopo la namna hiyo litafaulu kila mtihani wa chapa kwa kuwa chapa yake ni ya kweli. Kwetu kopo tupu halitupwi. Huwekewa sukari, njugu au misumari, na hununuliwa pia. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kifuniko.

Chini ya kifuniko cha plastiki, makopo mengi huwa na utando wa alumini uliobanwa kwa joto kwenye ukingo wa bati, wenye kishikio cha kuvutia. Utando wa kiwandani hushika ukingo kwa mstari wa upana mmoja kuzunguka kopo lote. Uliorudishwa kwa gundi au kwa pasi huwa na makunyanzi, mstari wake hupanuka hapa na kusinyaa pale, na mara nyingine mabaki ya utando wa zamani huonekana kama meno madogo kwenye ukingo. Vifuniko vingi vya plastiki pia vina kiungo chembamba kinachokatika mara ya kwanza vinapofunguliwa. Muuzaji akikataa kufunua plastiki kwa kuhofia kukata kiungo hicho, ana haki. Basi aombwe picha ya kiungo chenyewe kwa karibu.

Hapa kuna kosa ambalo huwaponza wasio na hatia. Utando uliovimba kidogo si lazima uwe dalili ya uovu. Kopo lililofungwa kwenye nchi tambarare karibu na bahari hubeba hewa yenye msukumo wa huko. Likipandishwa Kigali au Nairobi, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje hupungua nguvu na ile ya ndani huusukuma utando juu. Tena uvimbe wa namna hiyo ni ushahidi kwamba kopo halivuji. Utando uliolegea kama kitambaa ndio wa kuulizia.

Alama zilizochomoza, ziwe kwenye plastiki au kwenye kitako cha bati, hazisomeki katika picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu kutoka mbele, kwa sababu mwanga huo hufuta vivuli. Mwombe muuzaji aweke kopo karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni. Herufi iliyochomoza kweli hutoa kivuli upande mmoja, na vivuli vya herufi zote huelekea upande huohuo. Iliyochorwa kwa wino ili ionekane imechomoza haibadiliki kopo linapozungushwa.

Kuhusu chapa, tazama maandishi madogo kuliko yote, hasa orodha ya viambato. Kwenye kopo halisi herufi hizo huchapwa kwa wino mmoja mzito na kingo zake hukatika safi. Aliyepiga picha ya kopo na kulichapa upya huzijenga kwa vitone vya rangi kadhaa. Kingo huchakaa, na tundu la herufi ‘e’ au ‘a’ huziba. Lakini WhatsApp nayo hubana picha na kuharibu kingo. Picha itumwe kama faili, si kama picha ya kawaida. Kisha linganisha vitu vilivyo kwenye picha moja: mistari ya msimbo pau ikiwa mikali na orodha ya viambato pembeni yake imefifia, simu haina lawama.

Tarehe ndiyo yenye habari nyingi. Hupigwa kiwandani baada ya kopo kujazwa, hivyo hukaa juu ya rangi na vanishi, aghalabu kwa vitone vidogo vya wino au kwa mwanga wa leza. Tuchukue mfano wa muuzaji mwenye makopo matatu ya bechi moja. Mashine hupiga makopo yakiwa yanatembea, kwa hiyo tarehe kwenye vitako vitatu haziwezi kukaa mahali pamoja kabisa. Moja itainama kidogo, nyingine itasogea. Zikilingana kama picha moja iliyorudiwa, kuna shaka. Sasa kitako cha pili: mstari wa bechi una vitone, lakini mstari wa mwisho wa matumizi una herufi nzima zisizo na vitone, na kuuzunguka kuna doa lisilong’aa. Hiyo ndiyo alama ya thina au dawa ya kufutia rangi ya kucha. Wino umetoka na vanishi imeliwa. Unga huo huenda ni halisi, ila muda wake umekwisha na mtu ameuongezea maisha.

Picha zote hizo hazina thamani kama si za kopo litakalosafirishwa. Mnunuzi aombe kikaratasi chenye jina lake na tarehe ya siku hiyo kiwekwe kando ya kitako, namba ya bechi ikisomeka, na aulinganishe mzigo ukifika, kabla ya kufungua.

Namba hiyo ina kazi nyingine. Mwezi Februari mwaka 2022 kampuni ya Abbott iliondoa sokoni unga wa Similac, Alimentum na EleCare uliotengenezwa Sturgis, Michigan. Makopo yalikuwa halisi, utando mzima, chapa safi. Yalitambulika kwa kitako pekee: tarakimu mbili za kwanza kati ya 22 na 37, ndani ya msimbo kuna K8, SH au Z2, na mwisho wa matumizi ni Aprili 1, 2022 au baadaye. Aliyekuwa na picha ya ubavu wa kopo tu hakuweza kujua. Ndiyo maana mwenye shaka anapokwenda TBS nchini Tanzania, KEBS nchini Kenya au Rwanda FDA, picha ya kwanza kuonyesha ni ya kitako, na kopo lenyewe lisitupwe.