Umefuta Apu, Lakini Bado Uko Ndani

Kuna ushauri tunaopeana bure huku Kitengela, kwa kinyozi, steji, hata kwenye foleni ya M-Pesa: "Hiyo apu ya mkopo ikikusumbua, ifute tu." Wiki jana niliusikia tena ndani ya matatu. Jamaa alichukua simu ya mwenzake, akashikilia picha ya apu kwa kidole, akabonyeza Uninstall, akamrudishia. "Hivyo tu. Imeisha." Sikusema kitu, kwa sababu jamu ya Athi River ina wahubiri wa kutosha. Lakini sasa nasema: kwa apu za mikopo, ushauri huo ni mbaya kuliko kukaa bila kufanya lolote. Najua, kwa sababu niliufuata.

Januari 2021 nilikopa 3,000. Zilizoingia kwenye M-Pesa ni 2,550, maana walikata 450 ya "huduma" kabla hata sijaonja. Muda wa kulipa ulikuwa siku 14. Nililipa zote 3,000 siku ya 15, nikaona mambo yamekwisha, na jioni hiyo hiyo nikafuta apu. Nilizuia pia namba yao ya SMS. Nilijisikia mtu huru kabisa, nikaenda kula smokie.

Nilichokosa kuona ni kwamba kuchelewa siku moja kulikuwa na faini ya shilingi 90. Kwa hesabu yao sikuwa nimemaliza deni, nilikuwa nimebakisha 90. Na kila siku iliyopita bila hiyo 90 kulipwa, waliongeza 90 nyingine, mpaka siku ya 21 iliposimama kwenye 1,890. Taarifa zote hizo zilikuwa zinatumwa ndani ya apu ambayo sikuwa nayo, na kwa namba ambayo nilikuwa nimeizuia. Nilikuwa nimejifunga macho mwenyewe, na wao wakaendelea kuona vizuri tu.

Aprili simu ikapigwa. Haikupigwa kwangu. Ilipigwa Kajiado mjini, kwa anti yangu, aliyekuwa sokoni akipanga nyanya. Sauti ya kijana mwenye adabu ya kuigiza ikamwambia, "Hujambo, Anti Kajiado? Mwambie mtoto wako alipe pesa za watu."

Hebu sikiliza alivyomwita. Anti Kajiado. Hakuna mtu duniani anayemwita hivyo. Kwao ni Mama Fulani, kanisani ni Sista Fulani. "Anti Kajiado" ni jina lililoko mahali pamoja tu, kwenye orodha ya namba za simu yangu, nilivyomsevu ili nisimchanganye na anti wa Rongai. Sikuwa nimemwandika kama mdhamini. Sikuwa nimemtaja popote. Siku ya kwanza nilipoifungua ile apu iliomba ruhusa ya kuona namba zangu, nikabonyeza "Allow" kama tunavyobonyeza wote, na orodha nzima ikanakiliwa kwenye seva zao. Ukitaka kujua kama namba zako zilichukuliwa, sikiliza wanawaitaje watu wako.

Anti alinipigia jioni. "We mtoto, umeiba nini?"

Unapofuta apu, simu inaondoa programu, inaondoa mafaili ambayo apu ilikuwa imeweka humo, na inabatilisha ruhusa ulizoipa. Kwa hiyo haiwezi tena kusoma namba utakazoongeza kesho. Hayo ni mazuri, siyapuuzi. Lakini akaunti haiko kwenye simu. Namba yako, picha ya kitambulisho, uso uliopiga ukigeuza kichwa kushoto na kulia, historia ya mikopo, na nakala ya orodha ya watu wako, vyote viko kwa kampuni. Wao hata hawalazimiki kujua kwamba umefuta apu. Kwao wewe ni mteja aliyenyamaza.

Nilithibitisha kwa njia rahisi sana. Usiku ule niliipakua upya, nikaandika namba yangu ya simu, nikangoja tarakimu nne za uthibitisho, na pap! "Karibu tena." Picha yangu ile ile. Deni 1,890. Hakuna aliyeniuliza jina. Hicho ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya: kama apu inakutambua baada ya kuifuta, akaunti ipo hai.

Nikalipa 1,890, nikapiga picha ya skrini inayoonyesha sufuri, halafu nikatafuta mahali pa kufuta akaunti. Hapakuwa. Kulikuwa na mahali pa kubadilisha lugha, pa kualika marafiki upate bonasi, pa kuongeza kiwango cha mkopo. Pa kuondoka, hakuna. Niliandika barua pepe, nikapewa jibu la asante kwa kuwasiliana nasi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kitufe cha Uninstall ni kikubwa, kinafanya kazi kwa sekunde mbili, na kinakupa raha ya kuona kitu kikitoweka. Njia ya kufuta akaunti ilifichwa, au haikujengwa. Kwa kampuni, mtu aliyefuta apu akaacha akaunti ni faida tupu: halalamiki, haoni faini zikiongezeka, na nakala ya orodha ya namba zake bado inafaa siku wakitaka kumtafuta.

Sheria haikuwa mbali. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, na kifungu cha 40 kinamtaka anayeshika data zako afute zile asizoruhusiwa tena kuzihifadhi, zisizohitajika, zilizozidi kiasi, au zilizopatikana kinyume cha sheria. Kanuni zilizofuata zilimpa siku 14 za kushughulikia ombi lako la kufutwa. Mwaka 2022 Benki Kuu nayo ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, na zikakataza kutumia orodha ya namba za mteja kuwatumia watu wake meseji akishindwa kulipa. Basi mwaka huo niliandika upya, mara hii nikitaja kifungu na siku zile 14. Niliomba mambo matatu katika sentensi tatu: futeni akaunti yangu, futeni nakala ya namba zilizotoka kwenye simu yangu, niambieni mnabaki na nini na kwa nini.

Jibu lilikuja siku ya 12. Akaunti imefungwa, namba zimefutwa, rekodi za mkopo zinabaki. Hilo la mwisho liliniuma lakini lina msingi. Sheria ya kupambana na utakatishaji wa pesa inawataka wafanyabiashara wa fedha wahifadhi rekodi za miamala kwa angalau miaka saba. Kwa hiyo nisikudanganye: kufuta akaunti hakufuti deni, hakukutoi CRB, na hakufuti ukweli kwamba ulikopa. Ukiomba kufutwa na bado unadaiwa, watakuambia ulipe kwanza, na hapo watakuwa na haki. Kinachofutwa ni kile kisichohusiana na deni lililokwisha, na anti yangu hakuwahi kuhusiana nalo.

Niliipakua apu mara ya mwisho na kuweka namba yangu. Mara hii ikaniomba nijiandikishe kama mgeni. Siwezi kuingia kwenye seva yao kuhakikisha zaidi ya hapo, na wewe huwezi pia. Ndio maana barua yao naitunza.

Tangu 2023 mambo yamekuwa afadhali kidogo. Google Play inadai kwamba apu yoyote inayokuruhusu kufungua akaunti ikupe pia njia ya kuomba ifutwe, ndani ya apu na pia kupitia kiungo cha mtandaoni, na haikubali kuisimamisha tu akaunti kuhesabike kuwa kuifuta. Kiungo hicho utakipata kwenye ukurasa wa apu, chini ya Data safety. Maana yake hata kama ulishafuta apu, mlango bado upo. Mwaka huo huo Google ikazipiga marufuku apu za mikopo kugusa namba na picha za watu. Lakini marufuku hiyo inazuia kuchukua upya. Orodha iliyobebwa 2021 haikurudi yenyewe.

Wapo wanaoniambia, "Buda, data zilishaenda, unapoteza muda." Naelewa uchovu huo. Lakini angalia Worldcoin. Mwaka 2023 watu walijipanga KICC kupigwa picha ya mboni za macho kwa tokeni za kama shilingi elfu saba, mpaka serikali ikasimamisha shughuli hiyo Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data za miili ya Wakenya zilizokusanywa zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Jaji hakuwaambia Wakenya wafute apu kwenye simu zao. Amri ilielekezwa kule data ziliko. Waliokuwa wamefuta apu yao kwa hasira, macho yao yalikuwa bado yamehifadhiwa kama ya wale walioibakisha.

Kwa hiyo kama unataka kutoka, mpangilio ni muhimu, na ndio ule ushauri wa matatu unaupindua. Lipa mpaka sufuri ukiwa bado ndani. Piga picha ya hiyo sufuri. Omba akaunti ifutwe ukiwa bado na apu mkononi, kwa sababu nyingi zinataka uthibitishe kwa namba ambayo umeingia nayo. Ngoja jibu. Halafu ndipo ubonyeze Uninstall. Ukianza na hiyo, umetupa ufunguo ukiwa bado chumbani. Na ikiwa unabadilisha laini, fanya haya kabla, maana ile namba ndiyo akaunti yako, na laini iliyokaa kimya inaweza kupewa mtu mwingine.

Nilipomweleza anti haya yote, nilidhani atachoka katikati. Alisikiliza, akapanga nyanya, akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Wewe ulikuwa na akaunti ukafuta. Mimi sikuwa na akaunti. Mimi nitajifutaje?"

Sheria haimhitaji awe mteja. Data ni zake hata kama aliyezitoa ni mimi. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kupitia wengine, na kuwatumia meseji za vitisho. Malalamiko hayatozwi ada, na Ofisi ya Kamishna ina siku 90 za kuyashughulikia. Tulikaa kwenye kibanda chake, nikamwandikia: tarehe ya simu, namba iliyopiga, maneno yaliyosemwa. Kwenye nafasi ya jina nikaandika majina yake kamili matatu, yaliyo kwenye kitambulisho. Akasoma, akaniambia niongeze kwamba walimwita Anti Kajiado.

"Hiyo usiache," akasema. "Hapo ndipo waliponiibia."