Mafuta Yanayoliwa na Hewa

Familia nyingi zinapopanga safari ndefu hukadiria mafuta kwa umbali peke yake. Kumbe umbali ule ule waweza kula lita nyingi au chache, kwa kadiri ya mwendo, na sababu kubwa ni hewa.

Hewa haionekani, lakini ina uzito: mita moja ya ujazo hukaribia kilo 1.2. Gari liendapo huipasua na kuisukuma kando. Mwendo ukiwa maradufu, gari hukutana na hewa maradufu kila sekunde, na hewa hiyo husukumwa kwa kasi maradufu. Hivyo ukinzani huwa mara nne. Tena ukinzani huo hushindwa katika mita maradufu kila sekunde; ndipo nguvu inayodaiwa injini kwa ajili ya hewa hufika mara nane, yaani mbili kwa mbili kwa mbili.

Isidhaniwe kwamba mafuta nayo huwa mara nane. Safari huisha kwa nusu ya muda. Basi kwa kila kilomita, gharama ya hewa ni mara nne. Ukinzani wa matairi, kwa upande wake, haubadiliki sana kwa mwendo.

Tuchukue gari dogo la familia lenye uzito wa kilo 1,400, katika njia tambarare. Kwa kilomita 80 kwa saa, hewa hulizuia kwa takriban nyutoni 210 na matairi kwa 165, jumla 375. Kwa kilomita 100, matairi hubaki 165, lakini hewa hupanda hadi 325, jumla 490. Mwendo umeongezeka kwa robo, nguvu ya kuishinda hewa imekaribia kuwa maradufu, na kazi ya kila kilomita imezidi kwa karibu theluthi. Katika tangi ongezeko huwa pungufu kidogo ya hapo, kwa kuwa injini yenye mzigo hutumia mafuta kwa ufanisi zaidi. Katika safari ya kilomita 200, kilichopatikana ni nusu saa tu.

Kinachohesabiwa ni mwendo wa gari dhidi ya hewa, si dhidi ya lami. Upepo wa mbele wa kilomita 20 kwa saa humfanya dereva wa 80 akabiliwe na ukinzani wa 100, ingawa mshale haukusogea. Mizigo iliyofungwa juu ya paa nayo huongeza ukinzani; ikiwezekana iwekwe ndani.

Hata hivyo, kujikokota hakuleti nafuu isiyo na mwisho. Mwendo ukiwa mdogo mno, hewa haidai kitu cha maana, bali injini huendelea kuunguza mafuta ya kujizungusha yenyewe, na safari hurefuka. Faida ya kupunguza mwendo hupatikana hasa kwenye barabara kuu, pale mshale unapovuka 80.