Kulainisha Kauli Bila Kuficha Kosa

Daktari bingwa anapomkosoa daktari aliye katika mafunzo kwa vitendo, mara nyingi huanguka katika mojawapo ya mitego miwili. Ama humkaripia mbele ya wauguzi na wagonjwa, ama huizungusha kauli hata kosa lenyewe lisionekane. Mtego wa kwanza hupigiwa kelele, na ni haki. Wa pili hausemwi sana kwa kuwa unafanana na adabu, ingawa hasara yake humwangukia mgonjwa anayefuata.

Chukuliwe mfano wa wodi ya wazazi. Mama amejifungua usiku na kupewa oksitosini, lakini damu inaendelea kutoka. Saa nane na dakika 20, daktari kijana anapima: mapigo ya moyo ni 112 kwa dakika, shinikizo la damu ni 108 kwa 70. Anaandika katika faili, “Damu kiasi, shinikizo zuri,” kisha anakwenda kwa mgonjwa mwingine. Kipimo cha pili kinachukuliwa na muuguzi saa tisa na dakika 50. Mapigo yamefika 130, shinikizo la juu limeshuka hadi 84, na shuka zimelowa. Hapo ndipo bingwa anapoitwa. Mama anaongezewa damu na kupona.

Kosa hapa lina sehemu mbili. Mwili wa mwanamke kijana hulishikilia shinikizo lake kwa muda mrefu huku damu ikipotea. Mapigo ndiyo hutangulia kusema. Tangu kipimo cha kwanza mapigo yalikwisha kuipita namba ya juu ya shinikizo, na hiyo ni dalili ya hatari. Pili, dakika 90 zilipita bila kipimo wala wito, ilhali mama anayetokwa na damu hupimwa kila baada ya dakika 15.

Asubuhi bingwa mmoja angesema, “Wewe ni mzembe, nusura umuue mama wa watu.” Kijana angeondoka na aibu, asijue alikosea kusoma namba gani. Bingwa mwingine angesema, “Tumefanya kazi nzuri, ila labda ilichelewa kidogo kutolewa taarifa. Endelea hivyo hivyo.” Huyu naye hakufundisha kitu. Kiswahili kina maficho mengi ya namna hii: “tumefanya” humeza aliyefanya, “ilichelewa” hufuta aliyechelewa, na “kidogo” hugeuza dakika 90 kuwa jambo dogo. Sifa zikiwekwa mwanzo na mwisho, msikilizaji aliyechoka hubeba sifa na kuliacha onyo mezani. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Ulaini una mahali pake. Uwe katika mahali na wakati: chumba cha faragha, baada ya kijana kunywa chai na kupumua. Uwe katika sauti, na katika kutenganisha tendo na mtu. Usiingie katika namba, saa, wala jina la kosa. Kauli yaweza kuwa hivi: “Daktari, usiku ulikuwa mzito, na oksitosini uliitoa kwa wakati. Lakini saa nane na dakika 20 mapigo yalikuwa 112, nawe hukupima tena wala kuniita kwa dakika 90. Mama angeweza kufa. Nini kilikufanya usubiri?”

Swali hilo la mwisho si pambo. Kijana aweza kujibu kwamba aliliamini shinikizo. Hapo upungufu ni wa maarifa, na unafundishika papo hapo. Aweza pia kujibu kwamba alipoita usiku wa wiki iliyopita aliulizwa, “Hata hili huliwezi?” Hapo sehemu ya kosa imekaa upande wa bingwa, na haitaondoka kwa kumrekebisha kijana peke yake.

Mazungumzo yafungwe kwa kipimo kinachoweza kufuatwa: mapigo yakizidi 110, au yakiipita namba ya juu ya shinikizo, au damu ikifika mililita 500, aite mara moja, hata kama hana hakika. Kisha aombwe kueleza kwa maneno yake atakachofanya usiku ujao. Akijibu, “Nitajitahidi kuwa makini zaidi,” basi kauli ililainishwa kupita kiasi na inabidi irudiwe. Akizitaja namba, ujumbe umefika.

Njia hii ina mipaka. Damu ikiwa bado inatoka, hakuna nafasi ya kubembeleza. Amri fupi hutosha, na mazungumzo husubiri. Vilevile, daktari aliyeandika vipimo ambavyo hakuvichukua hahitaji kauli laini ya faragha pekee. Huo ni udanganyifu, na unastahili taratibu za maandishi.

Heshima kwa daktari kijana ni kumwamini kwamba anaweza kuusikia ukweli wote. Anayemfichia nusu yake amemhukumu tayari kwamba hawezi.