Gogo Lako Linaibiwa kwa Kamba

Wasee wa Chepkoilel, tuongee miti. Hapa kwetu chuo kinafunza misitu, lakini shosho wako anauza bluu gam kwa broka mwenye kamba, na hakuna mtu nyumbani anajua hiyo kamba inahesabu nini. Mimi niliacha chuo, na hii hesabu bado naiweza. Hata wewe utaiweza.

Chukua gogo la mita 3. Zungusha tepu katikati, upate mzingo wa mita 1.2. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 12.57:

1.2 × 1.2 × 3 ÷ 12.57 = 0.344

Hiyo ni mita za ujazo, na ndio ukubwa wa gogo lenyewe. Sasa angalia broka. Anakunja kamba mara mbili, anapata robo ya mzingo, yaani 0.3, na anahesabu gogo kama boksi la mraba:

0.3 × 0.3 × 3 = 0.27

Karibu asilimia 21 imepotea. Hii njia inaitwa ya Hoppus, kutokana na Mwingereza Edward Hoppus aliyechapisha majedwali yake mwaka wa 1736. Wanaoitetea husema hiyo asilimia ni ya maganda na mabaki ya msumeno. Sawa, kupasua mbao kunapoteza kweli. Lakini basi bei ya kila mita ya Hoppus lazima iwe juu. Ukikubali bei ya mita kamili kisha upimiwe kwa robo, umekatwa na msumeno kabla gogo halijapanda lori.

Kuna mchezo mwingine: kupima ncha nyembamba. Tuseme gogo letu kule mwisho lina mzingo wa mita 1 tu. Ukikunja kamba hapo unabaki na 0.19. Gogo ni lile lile, na karibu nusu imeenda. Kwa sababu mzingo unazidishwa kwa wenyewe, kosa dogo la tepu linakuwa kosa kubwa la pesa: ukipunguza mzingo kwa asilimia 5, ujazo unashuka karibu asilimia 10.

Haki iko pande zote, pia. Ukipima upande wa shina ulionona, au ulaze tepu mshazari, ama upite juu ya fundo, unamuibia mnunuzi. Na kama maganda bado yako, hesabu yako inayauza kama mbao.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: usitaje bei kabla hamjakubaliana mambo matatu. Tunapima wapi, na maganda au bila, na tunagawanya kwa 12.57 au tunakunja kamba? Robo ya mzingo ni sawa na kugawanya kwa 16. Broka akikataa kujibu, tepu ni yako na simu iko na kalkuleta. Pima mwenyewe kabla hajafika.