Picha ya harusi haitaki suti peke yake

Mfanyabiashara wa mpakani hujulikana kwa picha kabla hajaonana na mteja ana kwa ana. Mnunuzi aliyeko Juba au Ariwara huiona sura yake kwenye WhatsApp, na jamaa walioko Kampala huipokea kwenye kadi ya mwaliko wa harusi. Kwa watu wa Arua na Koboko ambao siku nyingi wako njiani, kati ya Vurra na Oraba, nafasi ya kwenda kupigwa picha rasmi ni finyu. Basi mtu humpelekea fundi wa studio picha aliyopigwa akiwa ofisini na shati la kazi, akaomba avalishwe suti na kuwekwa kwenye ukumbi wa harusi kwa kompyuta.

Kazi hiyo inawezekana, ila wengi huagiza nusu yake. Mmoja hubadilishiwa nguo, akabaki na suti ya bwana harusi mbele ya kabati la mafaili. Mwingine hubadilishiwa mahali, akasimama kati ya maua na vitambaa vya satini akiwa na shati lenye kalamu mfukoni. Picha zote mbili huchekwa, na mwenye picha hulipa tena ili irekebishwe. Nguo na mahali vibadilishwe pamoja, au vyote viachwe kama vilivyo.

Mafundi wa zamani waliijua hesabu hii. Katika mji wa Gulu, studio ya Gulu Real Art ilikuwa na koti iliyowaazima wateja waliohitaji picha ya kitambulisho. Mashine yao ilitoa picha nne kwa mara moja, na wateja wengi hawakuhitaji zote nne. Kwa hiyo mpigapicha alimpiga mteja akiwa amekaa, kisha akakata kipande cha uso na mabega tu. Mabaki ya picha hizo, yenye miili isiyo na nyuso, yalikusanywa na mpigapicha Martina Bacigalupo na kutolewa kitabu mwaka 2013. Ndani yake koti ileile inaonekana kwa watu mbalimbali, na chini yake kila mmoja ana suruali, sketi au viatu vyake vya siku hiyo. Koti ilitosha kwa sababu vingine vyote vilikatwa. Kadi ya harusi huonyesha mwili mzima na sehemu kubwa ya ukumbi, kwa hiyo hapo hakuna pa kujificha.

Tuseme mfanyabiashara wa vitenge amepigwa picha mchana akiwa ameketi mezani, dirisha likiwa kushoto kwa picha. Kosa la kwanza hufanyika hata kabla kompyuta haijawashwa, nalo ni kuchagua picha hiyo. Mikono yake iko kwenye kikokotoo, mgongo umeinama, na nusu ya mwili imefichwa na meza. Mkao huo ni wa ofisini. Hata akivalishwa suti nzuri kiasi gani, bado atakuwa mtu anayepiga hesabu katikati ya ukumbi. Heri aombwe picha nyingine akiwa wima, mikono imetulia na miguu inaonekana.

Baada ya hapo fundi achague ukumbi kabla ya nguo, kwa kuwa ukumbi ndio unaoamua mwanga utoke wapi. Kama uso una mwanga upande wa kushoto na kivuli upande wa kulia, ukumbi nao uwe na mwanga wa kushoto, na suti vilevile. Hapa fundi mvivu hukutana na suti iliyopigwa picha kwa mwanga wa upande wa pili, akaigeuza kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Mwanga unakubali lakini vifungo vinamsaliti. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukiwa juu ya wa kulia, na mfuko wa kifuani huwa kushoto. Vikionekana kinyume, koti limegeuzwa.

Kwa mavazi ya kitenge, wafanyabiashara wenyewe ndio wakaguzi bora. Kitambaa kinapokunjika, maua yake hukatika na kupinda pamoja na mkunjo. Maua yakinyooka kutoka bega hadi goti kana kwamba kitambaa kimetandikwa mezani, nguo hiyo imebandikwa.

Rangi nayo hufichua mengi. Mwanga wa dirishani una ubuluu kidogo, na taa nyingi za ukumbini huelekea njano. Uso uliotoka dirishani ukiwekwa chini ya taa hizo bila kurekebishwa, huonekana umepauka kuliko wageni walio nyuma. Fundi aulinganishe uso na kitu cheupe kilichomo ukumbini, kwa mfano kitambaa cha meza, kisha alinganishe kola ya shati na kitambaa hichohicho. Kama kola ni ya buluu na kitambaa ni cha njano, kazi haijaisha.

Mwisho ni sakafu na ukubwa. Mtu aliyesimama hugusa chini, na pale soli inapogusa huwa na mstari mwembamba wa kivuli kizito. Ukikosekana, bwana harusi huelea. Ukubwa hupimwa kwa kiti: kiti cha kawaida kina kimo cha kama sentimita 45 hadi pa kukalia, na mtu wa sentimita 170 ni karibu mara nne ya hapo. Akisimama kando ya kiti na kukizidi mara sita, amekuwa jitu. Mteja anaweza kupima haya kwa rula kabla hajalipa.

Uko mpaka ambao fundi hapaswi kuuvuka. Picha ya utambulisho, iwe ya fomu ya maombi au kadi ya uanachama wa chama cha wafanyabiashara, haibadilishwi nguo wala mahali. Kazi yake ni kumwezesha askari au karani kumtambua mtu aliye mbele yake. Vivyo hivyo kwa picha ya biashara. Mtu anayejiweka ndani ya ghala asilokuwa nalo, kisha akamtumia mwenye mali ili apewe mzigo kwa mkopo, amedanganya kuhusu dhamana yake. Kadi ya harusi ni jambo tofauti, maana mwalikwa anajua kwamba sherehe haijafika na hakuna anayetoa mali yake kwa kuuamini ukumbi ulio pichani.

Hata hivyo, kwa anayeweza, njia nyepesi ni ile isiyohitaji kompyuta. Suti, gomesi au gurbaba ikunjwe kwenye mfuko, mpigapicha aitwe ukumbini saa moja kabla wapambaji hawajaondoka kwenye harusi ya jamaa mwingine, na mwenye ukumbi aombwe ruhusa. Hapo mwanga, kivuli, vifungo na sakafu hukubaliana vyenyewe, na fundi hubaki na kazi ya kuandika majina na tarehe.