Mkeka Mmoja kati ya Mia

Na achukuliwe, kwa mfano tu, kijana mmoja wa Lushoto anayenunua kabichi na karoti kwa wakulima wa milimani na kuzisafirisha kupitia Soni na Mombo hadi Dar es Salaam. Jioni hubeti mpira kwa simu. Tofauti na wenzake wengi, kijana huyu ana daftari: kila mkeka ameuandika, dau lake na kilichorudi mkononi baada ya makato. Mikeka imefika 100, kila mmoja kwa dau la shilingi 1,000. Ametoa shilingi 100,000, amerudishiwa 115,000. Kwa kila shilingi mia aliyoiweka amepata faida ya shilingi 15. Sasa anafikiri kuiacha biashara ya mboga na kuutia mtaji wake wote katika mikeka, kwa kuwa kabichi haimpi faida ya namna hiyo.

Hesabu yake ya kugawanya na kujumlisha ni sahihi kabisa. Kosa liko kwingine. Hiyo 15 kwa mia ni habari ya mikeka 100 iliyokwisha kupita. Yeye anaichukua kuwa ni habari ya mikeka ijayo. Kati ya mambo hayo mawili pana swali ambalo daftari halikuliuliza: je, kama kijana huyu, kwa ujuzi ule ule na bahati nyingine, angecheza mikeka mingine 100, jibu lingekuwa 15 tena, au 40, au hasara ya 20?

Mikeka hiyo mingine haipo. Lakini mwaka 1979 Bradley Efron wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha njia ya kulijibu swali la namna hiyo kwa kutumia data zile zile zilizopo. Aliiita butstrapu, jina litokanalo na mzaha wa Kiingereza juu ya mtu ajinyanyuaye kutoka ardhini kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Wazo lake ni hili: kwa kuwa ulimwengu wote wa mikeka haujulikani, daftari na lisimame mahali pake, kisha kutoka daftari hilo yachotwe madaftari mengine mengi ya kubuni, ili ionekane jinsi yanavyotofautiana.

Kazi hii yaweza kufanywa darasani bila mashine yoyote. Daftari la kijana lina mikeka 59 iliyopotea, 30 iliyorudisha shilingi 2,000, 10 iliyorudisha 3,000, na mmoja tu uliorudisha 25,000. Zikatwe karatasi 100 za ukubwa mmoja, kila moja iandikwe malipo ya mkeka mmoja, zikunjwe sawasawa na kutiwa kikapuni. (Maharage ya rangi mbalimbali yanavutia zaidi kwa Usambara, lakini mkono huzoea upesi kuitambua punje nene.) Mwanafunzi achote karatasi moja, aandike namba yake, airudishe kikapuni, atikise, achote tena, hata zitimie 100. Jumla aliyoipata ni daftari moja la kubuni. Aanze tena upya.

Kurudisha karatasi ndiko kiini cha njia yote, na ndiko wanafunzi wanakosahau. Dalili yake ni rahisi kuiona: asiyerudisha atapata 115,000 kila mara bila kubadilika, kwa sababu amezichota karatasi zile zile zote kwa mpangilio mwingine tu. Wenye jedwali la namba nasibu wanaweza kwenda haraka zaidi: 00 hadi 58 ni mkeka uliopotea, 59 hadi 88 ni 2,000, 89 hadi 98 ni 3,000, na 99 ni ule wa 25,000.

Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akitengeneza madaftari 5, litakuwa na madaftari 200. Faida zote zipangwe kuanzia ndogo hadi kubwa, zifutwe 5 za chini na 5 za juu. Zinazobaki, ambazo ni 95 kwa mia ya zote, zinaonyesha mipaka ambamo faida inayumba. Madaftari 200 ni machache na ncha zake zitatofautiana kati ya darasa na darasa; kompyuta ikifanya mara 10,000 mipaka hutulia karibu na hasara ya 26 kwa mia upande wa chini na faida ya 75 kwa mia upande wa juu. Karibu theluthi moja ya madaftari yote yanaishia katika hasara.

Kwa nini mipaka ni mipana hivyo? Jibu lote limo katika karatasi moja. Nafasi ya ile ya 25,000 kutochotwa hata mara moja katika michoto 100 ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 100, yaani 0.37 hivi. Katika madaftari hayo yasiyo nayo, wastani ni hasara ya 9 kwa mia. Ikichotwa mara moja, wastani ni faida ya 15. Ikichotwa mara mbili, 39. Kijana huyu hana ushahidi wa mikeka 100. Ana ushahidi wa hasara ndogo ya kudumu, na Jumamosi moja njema.

Haifai, hata hivyo, kuipa butstrapu sifa isizo nazo. Ile theluthi moja si uwezekano kwamba kijana hana ujuzi. Ni kipimo tu cha jinsi namba 15 inavyoyumba. Njia hii haiwezi kuchota kisichokuwamo daftarini: mwenzake aliyekosa mkeka ule mkubwa angepata mipaka myembamba zaidi, naye angejiona na uhakika zaidi, kumbe ni kipofu wa upande mmoja. Kadhalika, kama Jumamosi moja aliweka mikeka mitatu yote ikiitegemea Simba, hiyo si mikeka mitatu iliyo huru. Hapo yafaa kuchota siku nzima pamoja na mikeka yake yote, na mara nyingi mipaka hupanuka zaidi. Na kama dau lilibadilika, dau na malipo yake yachotwe pamoja kama jozi, kamwe visitenganishwe. Daftari lililoanzishwa baada ya ushindi wa kwanza, au lisiloandika mikeka ya aibu, halitengenezwi na hesabu yoyote.

Mtu ataweza kusema: basi aendelee kucheza, daftari likue. Na apime gharama ya jibu hilo. Upana wa mipaka hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mikeka: kuupunguza nusu kwahitaji mikeka mara nne. Kwa daftari hili, kosa la wastani sasa ni kama 26.5 kwa mia. Kulishusha hadi 5 kwahitaji mikeka 2,800 hivi. Kwa mkeka mmoja kila siku, ni zaidi ya miaka saba, na shilingi milioni 2.8 za madau, kabla hajajua kwa kiasi cha kuridhisha kama ile 15 ilikuwa yake au ilikuwa ya Jumamosi ile. Mtaji wa kabichi ungekuwa umekwenda Dar es Salaam na kurudi mara nyingi katika muda huo.

Walimu wengine huona kwamba kamari haina nafasi darasani, hasa kwa kuwa sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Hoja hiyo ni ya haki kuhusu kucheza, si kuhusu kuhesabu. Mikeka imekwisha kufika shuleni katika mazungumzo ya mapumziko, na pale huhesabiwa kwa namba moja tu, iliyo ya juu. Karatasi 100 na kikapu vinatosha kuiuliza namba hiyo mipaka yake.